Mkaa unaorusha cheche na kuisha haraka: kosa ni la mti, maji au mchomaji?

MamaLishe_Tandika
Wakuu, habari za jioni. Nina kibanda cha wali na chapati huku Tandika. Gunia la mwisho nililochukua limenitoa jasho. Ukiwasha tu, mkaa unaalika pa pa pa, cheche zinaruka mpaka kwenye meza. Juzi moja imetua kwenye kanga ya mteja ikatoboa. Pili, unaisha kabla maharage hayajaiva vizuri, wakati gunia kama hilo nimezoea linanifikisha mbali. Muuzaji ni yuleyule, gunia lina kilemba kirefu kama kawaida. Nikimuuliza anasema "mama, mkaa ni mkaa". Wajuzi nisaidieni, tatizo ni nini hasa?

Kijana_Mbagala
Umepigwa, mama. Huo umemwagiwa maji ili uongezeke uzito. Maji yakipata moto yanakuwa mvuke, mvuke unapasua mkaa, ndiyo hizo cheche. Na moto unatumika kukausha maji badala ya kupika, ndiyo maana unaisha haraka. Kesi imefungwa.

Gesi_Tu
Nunua mtungi dada yangu, utapumzika na haya mambo.

MamaLishe_Tandika
@Gesi_Tu mtungi ninao, wa chai na mayai. Sufuria ya maharage ya kibanda kizima ukiiweka kwenye gesi, faida yote inaondoka na mtungi. Swali langu ni la mkaa.

Mzee_wa_Tanuru
Nimechoma mkaa miaka mingi upande wa Handeni kabla ya magoti kukataa, kwa hiyo niruhusuni.

@Kijana_Mbagala kesi haijafungwa. Mkaa Dar unauzwa kwa gunia, kwa ndoo na kwa sado. Nani anapima kwenye mizani? Mtu akimwaga maji hapati hata shilingi ya ziada, maana gunia halitanuki. Maji yanaingia kwa njia nyingine. Mchomaji mwenye haraka anafungua tanuru kabla halijapoa, hewa inaingia, mkaa unawaka tena, anauzima kwa ndoo. Au lori limenyeshewa njiani. Au gunia limelala chini kwenye udongo mbichi kipindi cha masika. Mkaa ukitoka kwenye tanuru vizuri, umezimwa kwa kunyimwa hewa tu, unakuwa mkavu kabisa. Baadaye unavuta unyevu wenyewe kutoka hewani.

Sasa mama, nijibu haya. Vipande vina maganda? Ukigonga viwili vinalia kama vigae au vinatoa sauti ya kufifia? Ukivunja, ndani ni vyeusi vinavyong'aa au kuna ukahawia? Na ukiwasha, dakika za mwanzo kuna moshi na mwali wa njano?

MamaLishe_Tandika
Shikamoo mzee. Maganda yapo, mengi tu. Sauti haieleweki, vingine vinalia, vingine kimya. Moshi upo mwanzoni, unauma macho, na mwali wa njano unapanda mpaka juu ya sufuria. Vichache ndani vina rangi ya udongo. Ila vinashika moto haraka sana, hilo nilifurahi.

Mzee_wa_Tanuru
Marahaba. Hapo kwenye kushika haraka ndipo pa kujiuliza. Mkaa ulioiva ni mgumu kuwasha, unahitaji subira na vifuu viwili vitatu. Ukishika, hauna moshi wala mwali mrefu, unakuwa mwekundu tu na kutulia. Wako haukuiva. Tanuru lina lugha yake. Mwanzo moshi ni mweupe mzito, huo ni maji ya mti. Kisha unabadilika, unakuwa wa manjano manjano na unanuka lami. Ukianza kuwa wa buluu mwepesi, karibu hauonekani, ndipo unaziba matundu. Vijana wa sasa wanaziba moshi ukiwa bado mzito kwa sababu lori limefika. Wanapata magunia mengi zaidi, maana mti usioiva haujapungua sana, lakini wewe unauziwa nusu kuni.

Chipsi_Kona
Mimi ni wa chipsi na mishikaki, Kimara. Mkaa wowote kwangu unarusha cheche, hata ule mzuri. Nikizima feni ya jiko zinapungua. @MamaLishe unatumia feni?

MamaLishe_Tandika
Pepeo la ukili tu. Ni kweli nikipepea kwa nguvu zinazidi, lakini hata nisipopepea zipo.

Chipsi_Kona
Basi angalau nusu ya cheche ni vumbi na chenga zinazopeperushwa. Mimi nilianza kuchekecha kwenye wavu kabla ya kutia jikoni, chenga nazitenga. Cheche zikapungua, na moto ukakaa zaidi. Chenga zinaungua upesi kwa sababu moto unazizunguka pande zote.

Kijana_Mbagala
Ila mvuke upo, msinipuuze. Hata wale wanaochoma nyama kwa mkaa mgumu wanaambiwa wasiutupe kwenye moto mkali ghafla, unalipuka.

Maabara_Moja
Kijana hapo yuko sahihi nusu. Kazi yangu ni kupima fueli za boila kiwandani, mkaa tunaupima pia, kwa hiyo nitie neno.

Kwenye cheche, mvuke ni sababu ya kweli. Mkaa umejaa vitundu vidogo, na vingine vimezibwa. Maji yaliyojificha humo yakichemka ghafla, mvuke ukikosa njia, kipande kinapasuka. Ndiyo maana mkaa wenye unyevu ukiusogeza pembeni ya moto kwanza upate joto polepole, unatulia.

Lakini kwenye kuisha haraka, hesabu inakataa. Chukua kilo moja yenye maji asilimia 12. Hayo ni gramu 120 za maji, na gramu 880 za mkaa wenyewe. Kuyapasha na kuyageuza mvuke kunakula takriban megajuli 0.3. Gramu 880 za mkaa mkavu zinatoa kama megajuli 25. Kwa hiyo maji yanakula asilimia moja na kidogo tu ya joto. Yanachelewesha kuwasha na yanarusha cheche, lakini hayawezi kumaliza gunia.

Kijana_Mbagala
Asilimia moja na kidogo? Mbona mkaa uliolowa hata kuwaka hauwaki!

Maabara_Moja
Kuwasha ni jambo jingine. Mwanzoni joto ni dogo na maji yote yako palepale, kwa hiyo yanakushinda. Jiko likishakolea, maji yameondoka na hesabu inabaki hiyo. Na kumbuka Mzee alivyosema: kama ungenunua kwa kilo, ungeibiwa gramu 120. Kwa sado hujaibiwa chochote.

@MamaLishe, kama una nafasi nitumie mfuko mdogo kwa bodaboda, nikupimie wakati wa mapumziko. Changanya vipande vya juu, vya katikati na vya chini ya gunia. Usinichagulie vizuri.

Binti_Kigamboni
Mnasahau mti! Huku kwetu mkaa wa mkorosho na mwembe unajulikana, unaalika na ni mwepesi kama hewa. Bibi yangu haugusi. Anataka wa mgunga au mvinje. Halafu wa mikoko nao una chumvi, chumvi inaruka.

Mzee_wa_Tanuru
Binti amesema la maana. Mti mzito unatoa mkaa mzito. Miombo, migunga, mlama, hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta. Siku hizi karibu na mji imebaki mikorosho mizee na miembe inayokatwa kupisha viwanja, nayo inaingia kwenye magunia yaleyale. Ila chumvi ya mikoko mimi siijui, na mikoko kuikata ni marufuku, usitutie matatani.

Mdau_Tegeta
Napita tu. Ila kilemba cha gunia kina siri. Juu wanapanga magogo makubwa mazuri, katikati kuna chenga na udongo. Nilishakuta jiwe.

MamaLishe_Tandika
Jiwe sijakuta bado, nimebakiza nusu gunia, tuombeane. Nimepima sado moja kwenye mizani ya jirani muuza nyama. Mkaa huu: gramu 610. Jirani huyo ana mkaa wa gunia jingine, sado ileile, tumeujaza vilevile: gramu 930. Nimeshtuka.

Maabara_Moja
Mama, umejijibia nusu ya swali. Bei ni ileile ya sado, lakini mwenzako anapata karibu mara moja na nusu ya mkaa wako. Hapo hatujagusa ubora kabisa. Mti mwepesi, vipande vikubwa vinavyoacha nafasi katikati, au vyote viwili. Mkaa mwepesi una vitundu vikubwa, hewa inapita ndani yake kirahisi, kwa hiyo unaungua kasi pia. Jiko linakuwa kali muda mfupi kisha linazima.

Kijana_Mbagala
Lakini kama wake una maji, si ungekuwa mzito zaidi? Mnaona sasa mnavyojichanganya.

Maabara_Moja
Ungekuwa mzito zaidi, ndiyo. Maana yake ukiukausha utashuka chini ya 610. Umeongeza ushahidi dhidi yako, ndugu.

Chipsi_Kona
😂😂 Kijana pumzika kidogo.

Maabara_Moja
Mfuko ulifika, nimeupima. Niwaeleze nilivyofanya ili mtu asiseme nimetunga. Nimesaga, nikakausha kwenye tanuri la nyuzi 105 mpaka uzito ukaacha kushuka: maji asilimia 11. Kisha nikauweka kwenye chombo kidogo chenye kifuniko kwa nyuzi 950, hapo kinachotoka ni ule moshi na lami iliyobaki ndani ya mkaa: asilimia 27. Kisha nikafunua na kuuchoma wote ukabaki majivu: asilimia 7. Ukitoa hivyo vyote kwenye 100, inabaki 55. Hiyo 55 ndiyo kaboni thabiti, ile inayokaa nyekundu jikoni baada ya moshi kwisha.

Tusiulaumu mkaa kwa maji ya mvua, kwa hiyo tuyatoe kwanza. Gawa 55 kwa 89, unapata kama 62. Mkaa mzuri wa kupikia, ukiwa mkavu, unakaa kwenye 75 au zaidi. Moshi wake ukiwa mkavu ni 30. Si wa ajabu kwa mkaa wa sokoni, lakini unathibitisha alichosema Mzee: tanuru lilifungwa mapema au moto haukufika kote. Moshi huo nao una joto, unawaka, ila unawaka mwanzoni kwa mwali mrefu unaopita pembeni ya sufuria. Wewe umeulipia, anayepata joto ni ukuta.

Na kuna jambo linalounganisha mawili haya. Mkaa usioiva unavuta unyevu hewani kuliko ulioiva. Kwa hewa ya Dar, hata mkaa mzuri ukikaa wazi unafika asilimia 5 hadi 10 ya maji bila kumwagiwa tone. Huu wa mama kufika 11 si lazima kuwe na mtu mwenye ndoo.

Kijana_Mbagala
"Si lazima" haimaanishi "hapana". Naandika hapa nikumbukwe.

Mzee_wa_Tanuru
Na majivu saba? Hiyo ni nyingi. Mti wenyewe hautoi majivu hivyo.

Maabara_Moja
Mzee una jicho. Kawaida naona 3 au karibu na hapo. Nilichukua vipande vilivyobaki, nikavisugua kwa brashi, nikabandua maganda niliyoweza, nikapima tena majivu. Yalishuka hadi 4. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ziada ilikuwa nje ya mkaa, udongo na maganda. Maganda yana madini mengi kuliko mti wa ndani.

Mama anaweza kujipimia bila maabara. Chukua majivu ya jiko, tia kwenye glasi ya maji, koroga. Majivu ya mti yanabaki yakielea na kuchafua maji muda mrefu. Mchanga unashuka chini papo hapo, ukiugusa unakwaruza vidole.

MamaLishe_Tandika
Nimefanya. Mchanga umejaa chini ya glasi, mwekundu! Ndiyo maana nakung'uta jiko kila mara. Nilidhani ni jiko limechoka.

Mzee_wa_Tanuru
Mwekundu ni udongo wa tanuru. Wakati wa kufukua wanatumia koleo badala ya reki, wanazoa kila kitu. Udongo huo unafunika makaa, hewa haipiti chini, wewe unapepea zaidi, ukipepea cheche. Unaona mzunguko huo.

Fundi_Majiko_Buguruni
Mmeusahau mlango wa jiko. Watu wengi wanauacha wazi mwanzo mpaka mwisho. Maharage yakishachemka, ziba mlango ubakize upenyo wa vidole viwili. Mkaa wowote ule utakaa zaidi. Na kama ni jiko la bati tupu bila udongo ndani, joto linakwenda mguuni kwako. Mama una jiko gani?

MamaLishe_Tandika
La udongo ndani, bati nje. Mlango nauacha wazi, kusema kweli. Lakini nilikuwa nauacha wazi na gunia la zamani pia.

Fundi_Majiko_Buguruni
Basi ungeokoa hata la zamani.

Binti_Kigamboni
Cheche bado hamjaeleza. Udongo hauruki, moshi hauruki. Mimi nasema mkorosho.

MamaLishe_Tandika
Nimejaribu kama mlivyosema. Mafungu matatu, jiko lilelile. La kwanza kama lilivyotoka kwenye gunia. La pili nimeanika juu ya bati juani kutwa nzima. La tatu nimeanika na kubandua maganda. La kwanza, fujo ileile. La pili cheche zimepungua sana ila hazikuisha. La tatu zimebaki chache, na nyingi ni dakika za mwanzo.

Kijana_Mbagala
MAJI! Nilisema! Kuanika kumepunguza SANA.

Mzee_wa_Tanuru
Na kubandua kumemalizia. Maganda yanashika unyevu na mchanga, na yanaachana na mti kwa kupasuka.

Binti_Kigamboni
Na zile chache zilizobaki ni za nani? Mkorosho.

Maabara_Moja
Hapo siwezi kumkatalia yeyote. Jua halikaushi mpaka mwisho, unyevu unabaki ndani ya vitundu, na jioni hewa inaurudisha. Kwa hiyo cheche zilizobaki zinaweza kuwa maji bado. Zinaweza kuwa moshi uliofungwa ndani ya kipande kisichoiva ukitafuta njia. Zinaweza kuwa tabia ya mti, maana kuna miti mkaa wake unaalika hata ukiwa mkavu. Ningetaka kipande cha mti kinachojulikana, kimechomwa vizuri, ndiyo nilinganishe. Kwenye gunia la mchanganyiko huwezi kutenganisha.

Mdau_Tegeta
Mimi naanika mkaa wangu ndani, karibu na jiko linalowaka. Unakauka vizuri usiku.

Fundi_Majiko_Buguruni
@Mdau_Tegeta usilale na jiko ndani, ndugu. Mkaa ulioiva hauna moshi lakini hewa yake inaua, na haina harufu ya kukuamsha. Watu wamekufa hivyo msimu wa baridi nyanda za juu. Toa jiko nje kabla ya kulala.

Mdau_Tegeta
Nimekuelewa fundi. Dirisha huwa wazi lakini nitalitoa.

Fundi_Majiko_Buguruni
Dirisha halitoshi.

Chipsi_Kona
Turudi kwenye pesa. Mama akienda kununua gunia jipya aangalie nini, maana mizani hana na maabara hana?

Mzee_wa_Tanuru
Asikubali kununua bila kuingiza mkono katikati. Atoe vipande kutoka kilindini, si kwenye kilemba. Avigonge. Avivunje kimoja, ndani pawe peusi panapong'aa na mistari ya mti ionekane. Akikuta rangi ya kahawia, aondoke. Anyanyue gunia kidogo aone chini, kama chenga zinamwagika kupitia nyuzi. Na asimwamini anayesema "huu unashika haraka".

Maabara_Moja
Niongeze sado. Omba muuzaji akujazie sado moja, nenda nayo kwa muuza nyama, pima. Kama gunia ni kavu na sado inakaribia 900, una mkaa mzito. Ikiwa chini ya 650, bei iwe ya chini. Lakini ukiona nzito sana na vidole vinahisi ubaridi wa unyevu, usishangilie.

MamaLishe_Tandika
Asanteni sana wote. Nimemwambia muuzaji habari za sado na mizani, amecheka, akasema kwa hiyo kila mteja atakuja na mizani yake? Nikamwambia kesho nakuja nayo.

Muuza_Mkaa_Temeke
Mimi ndiyo wale mnaowasema. Mimi sichomi, nanunua lori likifika usiku, magunia yameshashonwa. Nikisema nifungue kila gunia niingize mkono, dereva ananiacha anakwenda kwa mwenzangu. Hasara ya mchanga na chenga naibeba mimi kabla yenu, kwenye kila gunia ninalopimia sado.

Mzee_wa_Tanuru
Kwa dereva huyo usinunue mara ya pili. Sisi tulikuwa tunajulikana kwa majina.

Muuza_Mkaa_Temeke
Mzee, zamani lori lilikuwa la mchomaji mmoja. Sasa linazoa barabarani, magunia matano kwa huyu, kumi kwa yule. Gunia la mama linaweza kuwa na mkorosho wa Mkuranga, na la pembeni yake lina mgunga wa Kilosa. Mimi mwenyewe sijui.

Binti_Kigamboni
Mkorosho wa Mkuranga! Amesema mwenyewe, sijamlisha maneno.

Kijana_Mbagala
Amesema "linaweza".

Chipsi_Kona
Kuna mtu ametumia mkaa mbadala wa vifuu vya nazi kwenye mishikaki? Nasikia hauruki kabisa, ila wengine wanasema majivu yake yanajaa jiko.

Maabara_Moja
Inategemea wameugandisha kwa nini. Kifuu chenyewe kina majivu machache na kaboni nyingi. Wakitumia wanga kidogo uko salama. Wakigandisha kwa udongo, udongo wote huo unabaki kwenye jiko lako. Niletee kimoja nipime.

Chipsi_Kona
Nakuletea viwili, cha Mbezi na cha Gongo la Mboto.